Kidonge cha Futari

Mume wangu ni kinyozi, na wateja wake humwita Wembe. Mimi nashona nguo chumba cha pili, tunatenganishwa na mlango usio na mlango, pazia tu. Kwa hiyo akikohoa nasikia, akicheka nasikia, na akidanganya, weee, hilo nalisikia kabla hajafungua mdomo. Ndivyo nilivyojidhania, basi.

Ana presha. Vidonge viwili kwa siku, kimoja cha kulegeza mishipa na kimoja cha kupunguza maji mwilini, vyote alikuwa akivinywa asubuhi na chai. Mwezi wa mfungo ulipokaribia nilimkokota kwenda kliniki, maana mwanamume huyu tangu aanze kufunga akiwa mtoto hajawahi kula mchana wa mfungo hata mara moja, na anajisifia jambo hilo kama mtu aliyejenga ghorofa. Nikajua tusipopanga mapema atapanga mwenyewe.

Muuguzi wa pale, binti mmoja mpole lakini macho makali, alimwambia akiniangalia mimi. "Baba, unaweza kufunga, ila vyote viwili sasa unywe wakati wa futari. Hicho cha maji hasa usikinywe daku, kitakukausha mchana kutwa na huna ruhusa ya kunywa. Ukisahau, usinywe mara mbili kufidia. Na pima presha nyumbani, alasiri kabla ya kufuturu na usiku. Kupima hakuvunji saumu. Namba ya juu ikishuka chini ya tisini, au ikifika mia na themanini, au ukipata kizunguzungu, kifua kikikubana, saumu unafungua hapo hapo na unatupigia."

"Sawa, binti yangu," akasema, mpole kama malaika. Hapo ningepaswa kushtuka.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha akaanza kupima usiku tu, baada ya kushiba. Alasiri ana wateja, ana hiki, ana kile. Nikimuuliza, "Imetulia, mama watoto, imetulia kabisa." Na kweli usiku ilikuwa inatulia, mtu ameshakunywa maji jagi zima! Nikajipa moyo. Nilikuwa na nguo za watu zimenifika shingoni, na nilikuwa nampenda, na mtu unayempenda unamwamini kwa uvivu tu.

Alasiri ile nilikuwa natia vifungo nikasikia kimya upande wa pili. Kinyozi hana kimya. Nikavuta pazia. Mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka, alikuwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni, na mume wangu amesimama nyuma yake, wembe mkononi, mkono mwingine umeng'ang'ania mgongo wa kiti. Uso wake haukuwa na rangi. Wembe ulikuwa karibu kabisa na shingo ya mwalimu.

"Weka hicho chini," nikasema. Sikupiga kelele. Nilijishangaa.

Akaweka. Nikamshika kabla hajaanguka, nikamkalisha kwenye benchi la wateja. Moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko cherehani.

"Ni joto tu," akasema.

"Nyamaza."

Nikaleta kipimo. Nikampandisha mkono wa shati, mkanda haufungwi juu ya nguo. Mgongo ukutani, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na tukae dakika tano bila kusema neno. Jamani, dakika tano bila kumsema mume wangu! Nilijiuma midomo. Mwalimu naye alikaa kimya na povu lake, utadhani naye anapimwa.

Themanini na sita kwa hamsini na nne.

"Betri zimechoka hizo," akasema.

Nikavaa mkanda mimi. Mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane. Nikamrudishia mwenyewe. Themanini na nne kwa hamsini na mbili.

"Kidonge cha maji unakinywa saa ngapi?"

Akatazama sakafu. Nilijua.

"Daku," akasema.

"Kwa nini? Yule binti si alisema? Si ulimwitikia 'binti yangu, binti yangu'?"

"Nikikinywa futari, kinanishika usiku kwenye sala ya tarawehe." Sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Nimo safu ya mbele, nyuma ya imamu. Yeye anarukuu, mimi napenya katikati ya watu nakimbilia chooni. Nikirudi, safu imejaa. Siku moja nilisimama nje, kwenye viatu. Kwenye viatu, mke wangu."

Mungu wangu, nilitaka kucheka na nilitaka kumtandika kofi. Miaka yote hii nalala na mtu huyu, na hajui kwamba angeniambia, ningempigia muuguzi siku ile ile na mambo yangepangwa. Aibu ya choo tu ilitosha kumnyima maji mwilini mpaka ashike wembe akiyumba.

Nikampigia muuguzi. Hakupoteza muda. "Afungue sasa, mama. Anywe maji kidogo kidogo, alale, mumwinue miguu. Kidonge kingine chochote asinywe kabla daktari hajamwona. Akitulia mleteni, msimwache aendeshe. Akizimia, au kifua kikimuuma, msisubiri kutulia."

Nikamletea glasi. Akageuza uso pembeni.

"Magharibi si mbali," akasema. "Nitalala tu mpaka hapo."

"Kabla ya hapo utakuwa umeshazimia."

"Sijawahi kuivunja saumu. Hata mara moja."

Ndipo nikalia. Sikupanga. Nilipiga magoti pale sakafuni, kwenye nywele za watu, nikamwambia, "Mimi sitaki mume asiyewahi kufungua. Nataka mume. Unanisikia? Wewe ukiniondokea leo, nitamwambia nani habari za watu usiku?"

Mwalimu mstaafu, ambaye naye alikuwa amefunga, akaondoa povu kwa kitambaa, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu bado.

"Kunywa, Wembe," akasema. "Mgonjwa kapewa ruhusa, siku atailipa baadaye. Mimi nimefundisha watoto jambo hilo miaka na miaka, na kidevu changu hakina haraka."

Mume wangu akaniambia, "Basi geukia kule."

"Sigeuki ng'o. Nimekuona kwa mengi."

Akanywa. Machozi yalimtoka, yakamchirizika mpaka kwenye glasi, nami nikaishikilia kwa chini. Mwalimu akamlaza kwenye benchi, akamwinua miguu akaiweka juu ya kiti cha kunyolea.

Kliniki walimtoa damu kuangalia figo na chumvi za mwili. Daktari akamwambia apumzike kufunga mpaka presha irudi na majibu yatoke. Kidonge cha maji kikasimamishwa kwa muda, cha mishipa kikabaki futari, na kupima ni alasiri na usiku, mimi nikiwepo. Ikianza kupanda, turudi, dawa itapangwa upya. "Na hili la choo," akasema daktari, "tuambieni. Tunasikia makubwa kuliko hayo."

Tulirudi nyumbani taratibu, nimemshika kiwiko. Alikuwa mnyonge, si wa ugonjwa.

"Nina siku ya kulipa," akasema. "Na pengine zaidi ya moja. Watu wote watakuwa wanakula, mimi peke yangu nimefunga mdomo."

"Daktari akikuruhusu."

"Akiniruhusu."

Mimi mwaka huu sidaiwi saumu hata moja, umri wangu umeshanisamehe zile siku za kila mwezi. Lakini nikamwambia, "Siku zako zote nitafunga na wewe. Daku nitakuamsha mimi."

Akasimama katikati ya njia, watu wakatupita kushoto na kulia. Alinishika mkono mbele ya watu, mume wangu huyu mwenye haya zake, na hakuuachia mpaka mlangoni.