Nane Kasoro Robo

Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, kinanyamaza, kinagonga tena. Nje giza bado lilikuwa zito. Nilipofika jikoni nilimkuta mjukuu wangu anakoroga chai ambayo hajaitia sukari. Meza yote ilijaa kadi za saa za wafanyakazi, na kompyuta ya kazini ilikuwa wazi mbele yake.

"Hujalala, mke mwenzangu?"

"Bibi, leo wananifukuza."

Alikuwa mgeni katika ofisi ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kazi yake ni kuzisoma kadi walizoandika wafanyakazi kwa mkono, kuingiza saa za kila mmoja kwenye kompyuta, kupata jumla ya wiki, kisha kumpelekea mhasibu ili mishahara itoke. Wiki iliyopita watu walipunjwa, mhasibu akamwambia ikikosewa tena asisumbuke kurudi. Na mshahara wake ndio uliokuwa ukitulisha.

"Jumla zangu hazilingani na za msimamizi," akasema. "Yeye anajumlisha kwa kalamu chini ya kila kadi. Nikadhani anakosea, wiki ile nikafuata za kompyuta. Sasa nimerudia mpaka macho yanauma. Mashine inasema vilevile."

Alilaza kichwa juu ya kadi. Hesabu za kompyuta mimi sizijui, nami sikutaka kumdanganya kwamba yatapita.

Nikajitupia khanga nikavuka ua. Upande wa pili anakaa mama mmoja anayepiga pasi pale kiwandani. Mjukuu wangu humwita Shangazi. Mwanzoni mama huyo alikuwa akimpitia kila alfajiri wakaenda pamoja. Tangu apunjwe, alikuwa anapita mlangoni kwetu bila hodi.

Nilimkuta anafunga kilemba.

"Mtoto amekwama," nikamwambia. "Sijui hata nakuomba nini."

Akachukua kiti chake kidogo akabeba, maana anajua kwetu viti ni viwili.

Mjukuu wangu alipomwona akasimama, mikono haijui pa kwenda. "Shangazi, nisamehe."

"Kaa. Yangu iko wapi?"

Kadi ikatolewa. Kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ilikuwa ileile: kaingia saa moja kamili, katoka saa tisa na robo, kapumzika nusu saa.

"Hapo nimefanya kazi saa nane kasoro robo," Shangazi akasema. "Wewe umeniwekea ngapi?"

"Saba nukta nne tano. Si ndiyo saa saba na dakika arobaini na tano?"

"Mimi sijui nukta. Nakwambia ni nane kasoro robo. Na wa mashine za kukaushia, ambao saa zao hazina dakika, mbona hawakulalamika? Tuliolia ni sisi wenye dakika."

Mjukuu wangu akavuta karatasi. Akaandika kwa penseli: nane, toa robo. Saba nukta saba tano.

"Kompyuta inahesabu kwa mia," akasema taratibu. "Saa ina dakika sitini. Nilitakiwa nigawanye dakika kwa sitini kwanza. Arobaini na tano ni sabini na tano ya mia. Nusu saa ni hamsini. Mimi nimeandika dakika kama zilivyo."

Akajumlisha siku tano. Thelathini na nane nukta saba tano. Msimamizi alikuwa ameandika saa thelathini na nane na dakika arobaini na tano. Ni kitu kimoja. Kompyuta ilikuwa imempa thelathini na saba nukta mbili tano.

"Saa moja na nusu yangu," Shangazi akasema, "imeliwa na nukta."

Hakuna aliyecheka sana. Kadi zilikuwa nyingi, na dirisha lilishaanza kuwa jeupe. Shangazi akasoma dakika, mjukuu akagawanya na kuandika: ishirini, sifuri nukta tatu tatu; kumi, sifuri nukta moja saba. Kila jumla akailinganisha na ya msimamizi. Mimi nilitia sukari kwenye chai na kushikilia taa.

Walipomaliza, mjukuu alibaki ameikodolea macho skrini.

"Na ya wiki iliyopita?" nikauliza.

"Nikimwambia mhasibu, ananifukuza kwa ile."

Shangazi alinyanyua kiti chake.

Mjukuu wangu akafungua kazi ya wiki iliyopita. Akaandika kila aliyepunjwa na saa zake, na chini yake: kosa ni langu. Wakaondoka pamoja, wakikimbia.

Siku hiyo nilifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi.

Walirudi jioni, Shangazi mbele. Waliopunjwa wangelipwa. Mjukuu wangu alikuwa amewekwa chini ya uangalizi mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo haijulikani. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama nguo iliyokamuliwa.

Shangazi akaaga. Alikuwa keshafika katikati ya ua mjukuu wangu alipomwita.

"Shangazi. Kesho utanipitia tena?"