Maneno Mia Tano ya Kujieleza

Kwako Waziri wa Wasiwasi,

Shikamoo yako nimeipokea Jumapili, ingawa uliitoa kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya mwisho. Ulikaa kwenye kochi la mteja ukawa unanyofoa sponji kidogo kidogo huku unaniuliza, "Mjomba, yanafaa? Kweli yanafaa?" Mwenye kochi akija nitamwambia limeliwa na panya aliyemaliza kidato cha sita.

Sikukujibu kwa sababu mama yako alikuwepo, na dada yangu akianza kuongea hata cherehani yangu huzima yenyewe. Nakujibu sasa. Dirisha la maombi ya chuo linafungwa Ijumaa, leo ni Jumatano, bado una nafasi ya kunichukia na kuandika upya.

Hayafai.

Usilie kwanza. Yangu yalikuwa mabaya zaidi, ingawa ubaya wake ni wa aina ileile kama yako. Mfumo wa maombi mtandaoni umekupa maneno mia tano ya kueleza kwa nini unataka kusomea ualimu wa watoto viziwi. Wewe umetumia karibu mia kusema "kwa heshima na taadhima, mimi mtajwa hapo juu". Umetajwa wapi? Hapo juu pana kisanduku tu. Ile ni barua rasmi tuliyofundishwa darasani, ya kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda kutibiwa jino. Kisha unasimulia baba yenu alivyoondoka, mama alivyohangaika, mdogo wako alivyozaliwa hasikii, "mzigo ambao familia imeubeba kwa machozi". Kisha unatumaini ombi lako litapokelewa kwa mikono miwili. Kwaheri.

Mimi niliomba kusomea tiba ya viungo. Babu yako alikuwa amepigwa kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Nikaandika tulivyoteseka. Nilipoyasoma kwa sauti, bibi yako alilia, jirani akalia, nikasema hapa nimeshapata chuo. Nikakataliwa. Nikadhani kuna mtu ameuza nafasi yangu, nikavaa shati la mazishi nikaenda chuoni kugombana.

Nilipokelewa na mhadhiri mmoja, mama mtu mzima, anakula karanga juu ya mafaili. Akanitafutia maelezo yangu kwenye kompyuta, akayasoma yote.

"Pole kwa baba," akasema. "Anaendeleaje?"

"Anashika kikombe sasa."

"Kwa mkono upi?"

"Huohuo wa kulia."

Akaacha karanga. "Nani alimfanyisha mazoezi?"

"Mimi. Nilianza na soksi nimeiviringisha, aifinye. Kikombe kilikuwa kinamponyoka, nikakizungushia kitambaa kinene kwenye mpini. Asubuhi mkono unakuwa mgumu, kwa hiyo tulihamia mchana, baada ya kuoga maji ya moto."

"Hayo yako wapi humu?"

"Niliona ni mambo ya nyumbani, mama. Hayana hadhi."

"Mwanangu, sisi tunasoma wawili wawili, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Anaijua kazi anayoiomba? Amefanya nini kinachokaribiana nayo? Amejifunza nini? Huruma haina mstari kwenye karatasi hiyo. Nilikuhurumia, nikakupa sifuri."

"Basi niongezee sasa, nimeshakwambia."

"Alama zinatolewa kwa kilichoandikwa. Ulichoniambia mimi hapa ni maongezi."

Akanipa karanga. Ndizo nilizotoka nazo chuoni.

Sasa wewe. Mwezi uliopita nilikuta kamba ya nguo imefungwa chumbani kwenu, magauni matatu ya mdogo wako yananing'inia. Nikakutania kwamba umefungua duka. Ukanieleza huku umekunja uso: mtoto alikuwa anachanganya jana na kesho, ishara za mikono anazijua lakini hajui zinaonyesha nini, ndipo ukatundika gauni alilovaa jana, la leo na la kesho, akawa anayahamisha kila asubuhi, la leo likawa la jana. Ukaniambia pia kwamba mwanzo ulimwona mkaidi, hatii, mpaka ulipogundua kuwa ulikuwa unamwelekeza huku umeinamia jiko, uso wako hauonekani. Kosa lilikuwa lako, ukabadilisha pa kusimama.

Hayo mawili yaandike. Yatajaza nusu ya maneno yako. Sema ulijaribu nini, kikashindikana wapi, ukabadilisha nini, na ndiyo maana unataka kufundishwa kazi hii vizuri. Mimi mtajwa hapo juu mtoe nje. Neno "mzigo" ulitoe kabisa. Anayesoma pale amefundisha watoto wa aina hiyo maisha yake yote, unamwambia wanafunzi wake ni mizigo?

Na usidanganyike kwamba ukiandika vizuri umepata. Hili nilitaka kulificha lakini utalisikia kwa bibi yako. Mwaka uliofuata niliomba tena, nikaandika soksi, kikombe, kila kitu. Wakaniweka kwenye orodha ya akiba. Nafasi arobaini, waombaji hujui hata pa kuwapanga. Hakuna aliyejitoa. Mwaka wa tatu wakaongeza sharti la somo ambalo sikulisoma, nikaingia kwenye makochi. Maelezo mazuri hayakuingizi, yanakuzuia tu usitolewe nje mapema. Basi andika hivyo hivyo, kwa sababu

Nimeikatiza barua hapo, mama yako aliingia. Alikuja kuchukua mto wa kiti, uso unang'aa.

"Tumemaliza! Mwanao ametuma asubuhi, dada wa steshenari amemsaidia kubonyeza."

"Ametuma yapi?"

"Yale yale. Nilimwongezea na ile habari ya kufukuzwa nyumba. Wakisoma hiyo hawawezi kulala."

"Yanarekebishika?"

"Yarekebishwe nini? Wameshaandika 'yamepokelewa'."

"Dada, ameandika kwamba ndiye anayemfundisha mdogo wake?"

"We nawe! Wanataka mwalimu, hawataki yaya. Mambo ya magauni kwenye kamba ndiyo umwandikie profesa?"

Nikamfungia mto wake. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake muda mrefu, akaondoka anaimba. Sikumwambia kwamba hayafai. Nilipiga simu kwa rafiki yangu mlinzi wa chuo ulichoomba, akaniulizia ofisini: ukishatuma umetuma, mfumo hauachii, na kozi yako haiiti watu kwa mahojiano. Wanasoma karatasi tu.

Kwa hiyo Waziri, hii barua imegeuka kitu cha ajabu, ramani ya barabara uliyokwisha kuipita. Niliwaza kuichana. Nimeona bora ukae nayo, kwa sababu majibu yatachukua miezi miwili na najua utakavyokuwa: utafungua simu kila dakika, utawaza kwamba huna akili, kwamba mdogo wako amekuletea nuksi. Jibu likija baya, na sitakudanganya, nadhani litakuja baya, ujue walichokataa ni karatasi ambayo wewe hukuwemo. Haisaidii. Mimi nilijua hilo na bado nilikaa ndani wiki nzima naangalia ukuta.

Mama yako usimwambie kitu. Alikupa alichokuwa nacho.

Mwakani wanaweza kufungua tena, au wanaweza kubadilisha masharti. Hayo siwezi kukuahidi. Nilitaka nikuandikie kitu cha kuchekesha hapa mwishoni, nimekaa na kalamu, hakiji.

Kula chakula basi.

Mjomba wako,
Fundi Makochi