Wiki Moja ya Msusi

Ujumbe wenyewe ulimchukua msusi asubuhi nzima, maana aliuandika kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu alipoamka, kama ilivyo desturi yake siku hizi, na vidole vilivyolisha nyumba hii miaka yote havikuweza kushika hata kijiko.

"Wapenzi wateja wangu, saluni itafungwa kwa wiki moja tu. Jumatatu ijayo tuko pamoja. Msinikimbie!"

Binti yake, aliyekuwa akifagia mabaki ya rasta chini ya viti, alikuja akausoma akichungulia juu ya bega lake.

"Wiki moja, mama? Daktari si alisema baada ya kupasuliwa mkono usisuke mwezi na zaidi?"

"Nikiwaambia mwezi ndiyo nimewaaga," alisema msusi. "Nitawapa wiki. Ikiisha, nawaongezea nyingine."

Alipanga kuwarefushia habari kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Uongo? Basi na uwe uongo. Kiti kikikosa kichwa mwezi mzima, chumba cha saluni kinakwenda kwa kukosa kodi, na mkono ukipona hautakuwa na pa kurudi. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, wala si kisu cha daktari.

Akautuma kwa watu wote waliomo simuni, wateja na wasio wateja, kwa mkupuo mmoja. Mle kila mteja alikuwa na jina alilompa mwenyewe: Kichwa Laini, Mama Kelele, Mwalimu wa Haraka, Bi Harusi. Wengine majina yao halisi hakuwahi kuyajua, lakini alijua nani ana kovu nyuma ya sikio, na mume wa nani amehamia kwa mwingine. Mwanamke akishainamisha kichwa mapajani kwa msusi husema yote.

Wakangoja. Simu ikalia, kumbe ni muuza rasta, akitangaza rangi mpya zilizoingia. Ikalia tena: mama mwenye nyumba, "Sawa." Kisha dada yake msusi, akimtakia heri. Baada ya hapo kimya, hadi maji ya chai yakachemka na kupoa.

"Wana shughuli zao," alisema msusi.

Binti alichukua simu, akabonyeza ujumbe ule, akaangalia majina ya waliofikiwa. Akayahesabu mara mbili.

"Mama, kwenye mtandao huu ukituma kwa wote kwa mkupuo hivi, unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako."

"Sasa?"

"Umewafikia watatu. Ni hao hao waliojibu."

Msusi alicheka. Ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa akiomba namba. "Nipe namba yako nikuweke," alikuwa akisema kila akimalizia msuko wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuomba ya kwake. Walijua mlango ulipo, wakaona yatosha. Naye, mtu mzima na akili zake, akadhani kuwa na namba ya mtu ndiyo kuwa na mtu.

"Si neno, tuwatumie mmoja mmoja," alisema binti haraka. "Zitafika. Ila uanze kwa kusema wewe ni nani."

"Nijitambulishe? Kwa Bi Harusi?"

Huyo alisukwa hapa siku ya ndoa yake, akasukwa akiwa na tumbo la kila mtoto, na Jumamosi hii alikuwa amejiwekea nafasi. Hata siku alipofukuzwa kwake alikimbilia hapa, akalia kwenye kiti cha dirishani. Msusi akampigia.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mpenzi. Msusi."

"Msusi…" Kwa nyuma maji yalikuwa yakitiririka na mtoto akiita. "Samahani, msusi yupi? Yule wa sokoni, au huyu wa karibu na kanisa?"

Saluni yake haikuwa sokoni, wala haikuwa karibu na kanisa. Msusi aliangalia kile kiti cha dirishani, na moyo ukamwuma kuliko mkono ulivyowahi kumwuma.

"Samahani, dada," alisema. "Nimekosea namba."

"Haya, usijali."

Binti alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe wa kwanza, "Habari, mimi ni msusi wa…" Mama yake akamshika mkono, akamwambia aache, achukue karatasi ya kubandika mlangoni.

"Niandike tunafunga kwa wiki moja?"

"Andika tumefunga."

Binti alingoja maneno yaliyobaki, kalamu mkononi. Mama yake alikuwa ameinuka, akihangaika kuchomoa waya wa mashine ya kukaushia kwa mkono wa kushoto.