Mikono Iliyonyooka Kama Rula

Tangu asubuhi Jacklyne alikuwa akigombana na kompyuta ofisini kwake Kilimani. Kila alipoiagiza picha ya miwani ya jua kwa tangazo la duka la Obuya, programu ya kutengeneza picha ilimletea miwani yenye mikono iliyopindapinda kama tambi. Mwishowe akaandika kwa hasira: lenzi ziakisi dirisha, kingo za fremu zionekane wazi, mikono inyooke kama rula, isipinde popote! Picha ikatoka safi. Akaipeleka mwenyewe Dagoretti Corner, akijisikia mshindi.

Obuya, fundi wa miwani, aliikagua picha.

"Lenzi zimeng'aa vizuri. Lakini mtu akiinama kufunga kamba za viatu, hii inaanguka."

"Inaanguka aje, mzee? Si mikono imenyooka?"

"Vua hiyo yako. Pitisha kidole mpaka mwisho wa mkono."

Jacklyne akavua miwani yake, akapitisha kidole. Karibu na ncha kikateremka polepole, pale mkono unapokumbatia sikio. Alikuwa ameuvaa mpindo ule tangu shule ya msingi, na leo alikuwa ameshinda akiufuta.