Jibu la Silasi kwa Kamati ya Usaili

Barua ya kumwita Silasi kwenye usaili ilifika Bunda mwezi uleule kampuni ilipotangaza kwamba gari la mauzo litaacha kuzunguka. Vijiji vya ujamaa vilishakuwa na maduka yao, na maduka hayo yalichukua sabuni, majembe na vitenge moja kwa moja ghalani Musoma. Msimamizi wa mauzo kama yeye alikuwa wa kazi gani tena? Silasi alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kumi na miwili kati ya hiyo ameimalizia barabarani. Zaidi ya kuuza, alikuwa hajui kazi nyingine.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya ofisa utumishi msaidizi katika kiwanda cha mafuta ya pamba. Shemeji yake Hyasinta, karani wa utumishi katika ofisi moja pale Iringo, Musoma, ndiye aliyemsukuma kuiomba. Jumapili mbili mfululizo alipanda basi kuja Manyamanyama, mtaa wa Bunda alikoishi Silasi, akakaa naye uani, akawa anamuuliza maswali kama vile yeye ndiye meneja.

"Kwa nini unaacha mauzo?"

"Kwa sababu napenda watu."

"Usiseme hivyo, shemeji. Wote wanasemaga hivyo. Sema ulifanya nini na watu."

Basi wakachambua. Alikuwa na wauzaji sita chini yake. Nani aliwafundisha? Ni yeye. Likizo zao nani alizipanga? Ni yeye. Mteja akija na hasira, nani alimsikiliza mpaka akatulia? Hyasinta alimwonyesha kwamba hiyo nayo ilikuwa kazi ya utumishi, ila iliitwa kwa jina lingine. Akamletea na kijitabu cha sheria ya ajira, wakasoma pamoja hatua za nidhamu: onyo kwa maandishi, mfanyakazi kupewa nafasi ya kujieleza, na kamati ya wafanyakazi kuarifiwa kabla mtu hajafukuzwa.

Silasi aliusoma mstari huo wa mwisho mara mbili.

"Watakuuliza pia juu ya mfanyakazi aliyekupa shida," Hyasinta akasema. "Chagua kisa cha kweli. Hata kama ulikosea, sema ulikosea, halafu sema ulijifunza nini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kisa alikuwa nacho kimoja tu. Miaka mitatu nyuma, muuzaji wake Clementi, mtu wa Butiama, alikosa kazini Jumatatu tatu. Silasi hakumuuliza kitu. Alikuwa na hesabu ya mwisho wa mwezi mbele yake na bosi nyuma yake, akaandika kwa makao makuu kwamba mtu huyu hafai. Clementi akafukuzwa papo hapo. Kamati ya wafanyakazi ilisikia habari hiyo baadaye, kama watu wengine walivyoisikia. Ndipo ikajulikana kwamba mkewe Benedikta alikuwa amelazwa Musoma, na kila Jumatatu Clementi alikuwa akimpelekea chakula na nguo safi.

Siku ya usaili Silasi alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, Nyamburi. Chumbani walikuwapo watu watatu: Bwana Mseti, meneja utumishi, karani wa kuandika, na mama mmoja mnene wa makamo, Mama Wankyo, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, ambaye mikono yake bado ilikuwa na harufu ya mashudu ya pamba.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Kwa nini anaacha mauzo? Alisema kazi ile inakwisha, hilo hakulificha, lakini sehemu aliyoipenda zaidi ilikuwa kumchukua mtu asiyejua kitu na kumfanya muuzaji. Akatoa mfano wa msichana aliyemfundisha, ambaye sasa anaendesha duka la kijiji. Faili la mfanyakazi litunzwe vipi? Lifungiwe kabatini, asilione asiyehusika, hata akiwa rafiki. Bwana Mseti akatikisa kichwa kukubali, na kalamu ya karani ikakimbia.

"Sasa, Ndugu Silasi," Bwana Mseti akasema, "muuzaji hutaka mtu aseme ndiyo. Huku wakati mwingine ni wewe wa kumwambia mtu hapana. Tuambie juu ya mfanyakazi aliyekuwa na matatizo ya nidhamu. Ulifanya nini?"

Kisa cha kweli kilikuwa mdomoni. Alikiona kabisa, pamoja na neno "nilikosea". Lakini alitazama nyuso tatu zile zilizokuwa zimeanza kumpenda, na miaka kumi na miwili ya kuuza ikaamka ndani yake. Hakutaka kumwonyesha mnunuzi doa kwenye kitambaa.

"Alikuwapo Clementi," akaanza. "Alikosa Jumatatu tatu. Nikamwita, nikamuuliza kwa upole. Kumbe mkewe mgonjwa. Nikampatia likizo akamuuguze. Akarudi, akawa muuzaji wangu bora."

Alikisema vizuri. Alikisema vizuri mno.

Mama Wankyo ndiye aliyeinua uso. "Likizo ya siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Aliiidhinisha nani?"

"Makao makuu."

"Na zile siku alizokosa mliziandikaje? Kamati yenu iliarifiwa?"

"Kamati... ndiyo, nadhani."

"Nani alikuwa mwenyekiti wao?"

 Jina la mwenyekiti Silasi alilijua, lakini alijua pia kwamba mtu huyo yuko hai, mjini hapahapa.

"Ndugu yangu," Mama Wankyo akasema, bila ukali wowote, "nikimfuata huyo Clementi nimuulize, ataniambia hivi ulivyotuambia?"

Kalamu ya karani ilisimama. Nje mashine zilinguruma, na Silasi akasikia sauti yake kama ya mtu mwingine ikisema, "Hapana."

Bwana Mseti akafunga faili taratibu. "Ungesema ulimkosea, tungekuuliza leo ungefanya nini, na naamini ungejibu. Lakini huku, mtu akifukuzwa, kinachobaki ni maandishi ya ofisa utumishi. Nikiyasoma, lazima niyaamini."

Barua ya kukataliwa haikukawia. Hyasinta aliisoma, akairudisha ndani ya bahasha, asimuulize. Hilo lilimuuma Silasi kuliko maneno yoyote. Gari la mauzo lilikwisha kuegeshwa Musoma bila magurudumu.

Wiki iliyofuata alidandia lori la pamba mpaka njia ya Butiama, akatembea. Alimkuta Clementi anapalilia shamba la kijiji, amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Silasi akamweleza yote, kuanzia barua ile ya zamani mpaka chumba cha usaili. Alitumaini nini, hata mwenyewe hakujua.

Clementi alisikiliza huku ameegemea jembe. "Kwa hiyo ukawaambia nilirudi kazini."

"Ndiyo."

"Na Benedikta? Kwenye hadithi yako alipona?"

Silasi alishindwa kumtazama. "Sikusema. Lakini niliisema kama vile alipona."

"Alikaa hospitali wiki tisa," Clementi akasema. "Mbili za mwisho sikuwa na nauli ya kwenda. Alikufa siku ya Jumatano, mimi niko hapa."

Silasi alifungua mdomo kuomba msamaha. Maneno yaliyomjia yalikuwa mazuri, laini, yamepangika, na kwa mara ya kwanza maishani aliyaogopa. Akaufunga mdomo.

Clementi hakusubiri. Aliinama akaendelea kupalilia, mstari kwa mstari, akimwacha Silasi amesimama kwenye jua na viatu vyake vya ofisini.