Siku Tano za Kazi

"Mimi mashine hainishindi," alisema Dakika Mbili Jumamosi asubuhi, akipiga viatu brashi kana kwamba anakwenda kupokea nishani. "Simu ngapi zimekuja kwangu zimekufa zikaondoka zinaongea? Nipe kadi. Dakika mbili nimerudi."

Ndiyo asili ya jina lake. Alikuwa fundi simu, na kila mteja aliyeacha simu kwake aliambiwa dakika mbili. Baadhi yao walishazeeka wakisubiri.

Mkewe hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa chini, sare za shule zimemzunguka kama watoto wenye njaa, anazungushia kingo kwa sindano ya mkono ili zisifumuke. Zilikuwa sare arobaini. Alikuwa amemaliza tisa na vidole vilishaanza kukataa kazi. Fundi cherehani mwenzake aliyekuwa anahama mji alikuwa anauza mashine ya ovaloki, ile ya kuzungushia kingo, kwa laki nne, na alikuwa amekubali kumshikia hadi Jumatatu saa sita mchana. Akiipata, hizo sare ni kazi ya siku moja. Akiikosa, ni sindano, na shule inafunguliwa wiki inayofuata.

"Nenda kwenye mashine ya benki yetu," alimwambia. "Hata kama kuna foleni. Panga foleni, mume wangu, hutavunjika."

Foleni ilikuwepo. Watu kumi na mmoja, na wa mbele alikuwa bibi aliyesoma kila neno kwenye kioo kama anasahihisha mtihani. Dakika Mbili alihesabu vichwa, akaguna, akavuka barabara hadi kituo cha mafuta. Pale kulikuwa na mashine ya benki nyingine, peke yake kabisa, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini haina watu. Yeye aliona bahati.

Akaingiza kadi, namba ya siri, laki nne. Mashine ikanguruma ndani, ikahesabu, ikanyamaza. Ikatema kadi. Ikatema risiti yenye maneno ya kuomba radhi. Mlango mdogo wa kutolea noti haukufunguka hata kidogo. Simu ikatetemeka mfukoni: umetoa laki nne, salio lako ni hili hapa, nalo lilikuwa dogo la kusikitisha.

Akaigonga mashine begani kama anayemwamsha mlevi. "Wewe. Hela zangu."

"Hata ukiibusu," alisema mlinzi, bila kuinuka. "Juzi ilimfanyia mama mmoja hivyohivyo. Kadi yako ni ya benki hii?"

"Hapana. Ya benki ile ng'ambo ya barabara."

"Basi pole. Ingekuwa ya hapahapa, mara nyingi zinarudi zenyewe siku hiyohiyo, au kesho yake. Ya benki nyingine ni mpaka wao kwa wao waonane. Siku tano za kazi, ndugu yangu, na zikichelewa zinapita. Leo na kesho usizihesabu." Akanyoosha miguu. "Mimi nailinda tu. Kadi yangu ni ya benki yenu, na foleni ya kule naipanga. Jumatatu nikitoka lindo nitakuwa pale."

Dakika Mbili akapiga namba iliyo nyuma ya kadi. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole, amechoka, na alisema yaleyale kwa Kiswahili cha ofisini: asirudie kutoa, atunze risiti, malalamiko yamepokelewa, hii hapa namba yake. Benki yenye mashine itahesabu noti zilizobaki ndani na kulinganisha na kumbukumbu za mashine. Zikionekana zimezidi, pesa inarudishwa kwenye akaunti. Siku tano za kazi, kuanzia Jumatatu.

Kwa hiyo alijua. Aliambiwa mara mbili, na watu wawili wasiofahamiana.

Lakini njia ya kurudi nyumbani ilikuwa na kona nyingi, na kila kona ukweli ulipungua kidogo. Angesema kituo cha mafuta, angeulizwa foleni. Angeulizwa foleni, angekumbushwa kwamba aliambiwa. Alipofika mlangoni, mashine ilikuwa imeshahamia upande wa pili wa barabara.

"Foleni niliipanga," alisema. "Watu kumi na mmoja. Zamu yangu ikafika, mashine yetu ikagoma. Hela imekatwa, haijatoka. Usijali, kwa mashine ya benki yako mwenyewe zinarudi zenyewe. Kesho zipo."

Na hapo hakudanganya sana. Kwa mashine ya benki yako mwenyewe, mara nyingi ndivyo ilivyo.

Jioni dada wa mkewe alipiga simu. Dakika Mbili alikuwa kitandani, anasikia kwa sikio moja.

"Hapana, dada," mkewe alikuwa anasema. "Asante. Hiyo laki nne lipia kodi yako tu. Shemeji yako anasema zinarudi kesho."

Hapo ndipo angeinuka. Mdomo aliufungua kabisa. Kisha akageukia ukutani akajifanya amelala, na kujifanya kulimchosha kuliko siku nzima.

Jumapili mkewe alishika simu mkono mmoja na sindano mkono mwingine. Kila ujumbe ulipolia, alisimamisha uzi. Ulikuwa mtandao wa simu unampongeza kwa jambo asiloliomba. Hadi usiku alifikisha sare kumi na nne.

Jumatatu saa nne walikuwa benki. Feni ilizunguka taratibu kama nayo inasubiri mshahara. Namba yao ilipoitwa, Dakika Mbili akasimama haraka.

"Wewe kaa, umechoka. Haya ni mambo ya mashine, nitayamaliza. Dakika mbili."

Kwenye dirisha karani alitazama kompyuta, akamtazama yeye. "Kaka, hii ni mashine ya benki nyingine. Malalamiko yako yapo, yameshapelekwa. Leo ndiyo siku ya kwanza. Subiri mpaka Ijumaa."

"Hakuna namna?"

"Namna ni kusubiri."

Akarudi akiwa ameshatunga. Mitambo ya benki nzima imelala tangu Jumamosi, meneja mwenyewe amekiri, wameomba radhi. Ilikuwa hadithi nzuri, na ilimtosha hadi alipofika karibu na benchi na kuona nani amekaa kando ya mkewe.

Sare ya ulinzi, kofia gotini, macho mekundu ya mkesha. Wawili hao walikuwa wanaongea kama majirani wa siku nyingi.

"Huyu hapa," alisema mlinzi, akatabasamu kwa uchovu wa mtu mwema. "Mzee wa kugonga mashine. Kumbe huyu ndiye mumeo, mama? Basi nilimwambia Jumamosi palepale kituo cha mafuta, siku tano za kazi. Ndiyo nilikuwa namsimulia mama hapa, kuna jamaa nilimwonea huruma, alikuja kwetu kukimbia foleni."

Mkewe alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Akatazama vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano, akavifungia ndani ya kiganja.

"Dada yangu amelipa kodi leo asubuhi," alisema taratibu, hakumwambia mtu yeyote hasa. Kisha akamwinulia macho. "Haya, dirishani wamesemaje?"

Dakika Mbili akaangalia feni.