Mashine Iliyoadhini

"Sijaiharibu," alisema Nakimuli kwa mara ya tatu, na safari hii hakuinamisha kichwa.

Ghaith hata hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta yake, anabonyeza kitufe, anasubiri, anakibonyeza tena. Feni zilivuma, taa za ndani ya boksi ziliwaka rangi zote, lakini skrini ilitoa maandishi madogo tu ya kusema haipokei kitu, kisha ikawa nyeusi tii. Kesho asubuhi alitakiwa kuwaonyesha walimu wake chuoni mchoro wa daraja alioutolea jasho muhula mzima, na mchoro wenyewe ulikuwa humo ndani.

"Kaipangusa kwa kitambaa kibichi, ummi," akamwambia mama yake, Bi Masouda. "Maji yameingia kwenye kadi ya grafiki, imeungua. Khalas, imekwisha."

Katika nyumba yenye mfanyakazi, mtu akitafuta wa kumtupia lawama haendi mbali. Bi Masouda hakuuliza swali hata moja. Alichukua simu, akampigia Ruba wa ofisi ya mawakala iliyomleta Nakimuli kutoka Uganda, akazungumza Kiarabu cha haraka. Lakini miezi kumi na minne ya kuosha vyombo vya watu Al Khoudh, huku Uarabuni, humfundisha mtu mengi. Nakimuli alisikia kwamba ameharibu, na kwamba waje wamchukue jioni.

Ofisini jina lake tayari lilikuwa na lalamiko moja, la nyumba ya kwanza, kwamba ana mdomo. Lalamiko la pili lilikuwa na maana moja tu, ndege ya kurudi Entebbe na hakuna ofisi nyingine itakayomgusa. Na hilo la mdomo angalau lilikuwa kweli. Hili la leo lilikuwa uongo mtupu, na uongo ndio uliomchoma.

Alijua alichofanya. Ghaliya, mama mdogo wa Ghaith, alikuwa amekuja kutoka Unguja, akakaa wiki nzima, na kwa kuwa mgeni wa nyumba ile halazwi sebuleni, alipewa chumba cha Ghaith. Kompyuta ikahamishiwa ukumbi wa juu. Leo asubuhi mgeni alipoondoka, Nakimuli alilipangusa boksi kwa kitambaa kikavu, tena likiwa halina hata waya mmoja. Ghaith mwenyewe ndiye aliyelishusha, akalisukuma kwenye kona yake, akapitisha mkono nyuma na kuchomeka waya kwa kupapasa, huku simu kaibana kwa bega anacheka na wenzake.

"Mama, mimi nilitumia kitambaa kikavu," Nakimuli akamwambia Bi Masouda. "Wallahi tena."

"Usiape, mwanangu," Bi Masouda akajibu, akikata simu. "Nnakujua hukukusudia. Lakini kitu kimekufa, na hapa ndani hapana mwengine aliyekigusa. Nenda kafunge begi lako."

"Siendi."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Ghaith akageuka. Bi Masouda akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona leo.

"Unasemaje weye?"

"Nimesema siendi kufunga begi. Sifungi begi kwa kitu sijafanya. Kama ni polisi, ita polisi. Nitasema hivi hivi mbele yao."

Papo hapo msikiti wa mtaani ukaanza kuadhini alasiri. Na nukta chache baadaye, mle mle chumbani, katika spika mbili ndogo za mezani, sauti nyingine ikaanza kuadhini. Ilikuwa programu ya kompyuta. Bi Masouda ndiye aliyemlazimisha mwanawe aiweke, maana kijana akishika michoro yake husahau hata kula.

Wakaisikiliza wote watatu mpaka ikaisha. Nakimuli alikuwa Mkristo, lakini hakuna aliyeisikiliza adhana ile kwa makini kuliko yeye.

"Kaka Ghaith," akasema, "hiyo sauti imetoka wapi?"

"Kwenye spika."

"Na spika zimeshikana na nini?"

Ghaith akazitazama spika, kisha boksi.

"Kitu kimekufa kinajua saa ya kuswali?" Akalinyooshea boksi kidole. "Hiyo mashine iko hai! Imewaka, imefungua programu zako, imefanya kazi yake. Ni picha tu haifiki. Sasa songa, nione nyuma."

"Weye utaona nini nyuma? Unajua kompyuta weye?"

"Sijui kompyuta. Najua vumbi lake. Kila Alhamisi napangusa huko nyuma, wewe hujawahi hata kuinama. Songa!"

Ghaith akasogea, labda kwa mshangao. Nakimuli akalivuta boksi kutoka ukutani, akaligeuza mgongo taratibu asizitoe nyaya, akainama. Haikumchukua hata dakika.

"Huu waya wa skrini," akasema, akiugusa kwa kidole. "Siku zote unakaa huku chini, kwenye hiki kipande kimelala. Hapa juu, karibu na waya wa kibodi, kulikuwa na tundu na kifuniko cheusi cha plastiki. Nakipangusa kila wiki. Leo kifuniko hakuna, labda kimedondoka likishushwa, na waya umeingia hapo. Nani aliuingiza?"

Ghaith alipiga magoti kando yake, akachungulia. Masikio yakamwiva. Matundu yalifanana kama mapacha, na yote mawili yaliukubali waya uleule. Lakini la juu lilikuwa la ubao mkuu wa mashine. Ukishapachika kadi ya grafiki, picha hutokea kwenye kadi, na katika mashine yake tundu lile la ubao lilikuwa limejizima lenyewe. Haya aliyajua vizuri. Alikuwa amewaeleza marafiki zake mara chungu nzima, kwa majivuno.

Akauchomoa waya juu, akauchomeka chini. Skrini ikakonyeza mara mbili, ikafunguka, na daraja likatokea na nguzo zake zote.

"Alhamdulillahi," Bi Masouda akashusha pumzi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe upesi. "Basi, yamekwisha. Ni shetani tu. Nakimuli, mwanangu, hebu tutilie chai."

"Hayajaisha, Mama."

"Yepi tena?"

"Umempigia Ruba ukamwambia nimeharibu. Lazima ameandika. Sasa mpigie umwambie ukweli. Chai baadaye."

Bi Masouda hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa amezoea kudaiwa maneno ndani ya nyumba yake. Ghaith akaichukua simu mkononi mwa mama yake, akapiga. Akaanza kwa sauti ya chini, akielekea mlangoni.

"Rudi hapa," Nakimuli akasema. "Weka spika. Na useme Kiswahili, Ruba anakijua."

Ghaith akarudi. Akaweka spika. "Ruba, kompyuta ni nzima. Yeye hakuharibu kitu. Waya niliuchomeka mimi, nikakosea."

"Aa, basi mashallah," sauti ya Ruba ikajibu, haina haraka wala haya. "Nilishaandika kwenye faili lake. Nnafuta tu, usijali."

"Usifute!" Nakimuli aliisogelea simu. "Ukifuta, kesho mtasema ni mimi nilibembeleza. Liache, na chini yake andika nilisingiziwa. Andika na jina la aliyenisingizia."

Ruba akauliza, "Jina lake kamili nani huyo?"

Ghaith akamtazama mama yake amwokoe. Bi Masouda akageuza uso, akawa anautazama ukuta. Nakimuli hakuondoka mbele ya simu. Basi Ghaith akalitaja jina lake, na la baba yake, na la ukoo wao, na Ruba aliposema hakusikia vizuri, akalitaja tena.